Kware wanakula lakini hawatagi? Kaje, provande na saa za mwangaza kwa kware 20 mu Bukavu

Swali ni lile lile kila mara: nilinunua kware, wamenona, wanamaliza provande, sasa wako na wiki 10 na yai haina. Wengine wanasema muuzaji amewadanganya, wengine wanasema ni baridi ya Bukavu. Mara nyingi kware hana shida yoyote, shida ni mwangaza, na nyuma ya mwangaza ni provande. Kaje yenyewe inakuja ya tatu, lakini tutaanza nayo ju bila kaje nzuri hayo mengine hayashiki.

Mwongozo huu ni wa kware majike 20, wa mayai ya kula na kuuza, si ya kuangua. Ukishaweza 20 utaweza 100, lakini usianze na 100.

## Vitu vya kutayarisha kwanza

Tafuta vyote mbele ya kununua ndege hata mmoja. Kware akifika ndani ya karto na kaje haijaisha, utamweka mu ndoo ama mu kona ya jikoni, na hapo njo hasara inaanza.

- Treyi ya kusudwa, ya tundu za milimita 12 kwa sakafu (nusu inchi). Ya pande inaweza kuwa na tundu kubwa kidogo.
- Mbao nyembamba za fremu, misumari midogo, waya wa kufungia, koleo.
- Gunia safi ama wavu laini wa plastiki kwa dari.
- Tole moja nyepesi ama bashi ngumu ya kupokea mavi chini.
- Tiyo ya PVC ya 110, ipasuliwe mara mbili kwa urefu, ya kuwekea provande.
- Vinywesheo viwili vidogo.
- Ampule moja ya LED ya volti 12, wati 3, ile ya rangi ya manjano.
- Batri ya volti 12 ya ampea-saa 7 (kama zile za pikipiki), plake ya sola ya wati 10 ama 20, regulateri yake ndogo, na kama unaipata, minuteri ya volti 12.
- Mizani ya jikoni, na daftari.
- Mikebe minne na vidanje ya gari.

Hiyo ya sola si anasa, utaona ju ya nini kwenye hatua ya 4.

## Hatua ya 1: Tengeneza kaje ya chini, yenye sakafu ya kuteremka

Chukua upana wa mita 1 na kina cha sentimita 50. Gawanya katikati upate vyumba viwili vya 50 kwa 50, kila kimoja kware 10. Kila ndege atapata sentimita mraba 250, inatosha vizuri. Ukiwajaza 20 mu chumba kimoja watapigana na wale wadogo hawatafikia chakula.

Urefu ni sentimita 20 nyuma na 25 mbele. Najua inaonekana fupi sana na kila seremala atakuambia ongeza, kataa. Kware akiogopa haruki pembeni, anaruka juu mara moja kama risasi. Mu kaje ya sentimita 25 hapati nguvu ya kujiumiza, lakini mu kaje ya sentimita 50 au 60 anafika juu na mwendo na anapasua ngozi ya kichwa. Njo maana tena dari inakuwa gunia ama wavu laini, si treyi.

Ile tofauti ya 20 na 25 inatoka kwa sakafu: inateremka sentimita 5 kutoka nyuma kuja mbele, halafu inatoka inje ya kaje sentimita 12 na unakunja mwisho wake juu kidogo. Yai linabingirika lenyewe, linapita chini ya ukuta wa mbele na linakungoja inje. Acha nafasi ya sentimita 3 chini ya ukuta wa mbele. Yai la kware lina unene wa kama sentimita 2 na nusu, litapita, kware hatapita.

Hapa watu wengi wanakosea kitu kidogo: ile tiyo ya provande wanaifunga chini kabisa mbele ya kaje, mayai yanakuja yanagonga pale na yanabaki ndani, kware wanayakanyaga, moja linapasuka, wanaonja, na kuanzia siku ile wanakula mayai. Tiyo ikae juu, sentimita 4 ama 5 toka sakafu, mayai yapite chini yake. Tundu za ukuta wa mbele ziwe ndefu, wima, za sentimita 3, ili kichwa kitoke kula.

Kwa sakafu, usikubali treyi ya tundu za inchi moja eti ni ya bei nafuu. Mguu unazama, ndege anavunjika. Na upande wenye ncha za waya ugeuke chini: pitisha kiganja juu ya sakafu yote, pale inakukwaruza ndipo itakata vidole vya kware.

Utajua iko sawa: weka yai la kware (ama limao dogo) nyuma kabisa na uliache bila kulisukuma. Litafika mbele lenyewe, polepole. Likikimbia na kugonga, mteremko umezidi. Likisimama katikati, sakafu imelegea, vuta waya.

## Hatua ya 2: Chagua pahali

Usiku wa Bukavu unashuka mpaka digrii 14 hivi, na kware mkubwa anavumilia hiyo bila shida kama hana upepo na hana unyevu. Kinachomwua ni upepo wa usiku unaopita chini ya sakafu ya waya. Weka kaje karibu na ukuta, funga bashi pande mbili, acha mbele wazi kwa hewa. Usifunge pande zote, harufu ya mavi itawaunguza macho na mapafu.

Miguu ya kaje minne, kila mmoja ndani ya mkebe wenye vidanje. Hiyo ni ya siafu. Mu Panzi, mu Bagira na pande zote za mabonde, usiku mmoja wa mvua siafu wanapanda na asubuhi unakuta mifupa. Kaje ikigusa ukuta, hata kwa kamba ya ampule, mikebe haina kazi tena, siafu watapita pale.

Panya naye anauma vidole kutoka chini ya waya. Kaje ikae mita 1 toka chini, na provande iliyomwagika ifagiliwe kila jioni.

Na usiweke juu ya kuku ama karibu nao. Kuku anaweza kubeba ugonjwa bila kuonyesha dalili yoyote, na kware akaanguka kwa siku mbili.

## Hatua ya 3: Nunua majike wa wiki 4 au 5, si vifaranga

Kifaranga wa kware ni mdogo kama kichwa cha kidole gumba, anataka joto la digrii 35 wiki ya kwanza, anazama hata mu kifuniko cha maji. Hiyo ni kazi ingine. Nunua waliopita ile hatua.

Kwa wiki 4 unawatofautisha kwa kifua: jike ana kifua chenye madoa meusi mengi, dume kifua chake ni rangi ya kahawia-nyekundu, safi bila madoa. Kware weupe hawana hiyo alama, kama hujazoea waache. Muuzaji akikuambia "zote ni majike papa, chukua tu", geuza mmoja mmoja uangalie. Mkubwa ukimminya kidogo nyuma na ukaona povu jeupe, huyo ni dume.

Dume hahitajiki kwa mayai ya kula, jike anataga bila yeye. Dume anakula provande, anapigana, na chini ya ampule anaimba usiku mpaka jirani anagonga mlango.

Usinunue waliokwisha kuanza kutaga ukitegemea mayai kesho. Safari peke yake inawasimamisha wiki moja mpaka mbili.

## Hatua ya 4: Mwangaza, hapa njo kuna mambo

Mwili wa kware jike unahesabu saa za mwangaza. Siku ikiwa ndefu, yapata saa 14 mpaka 16, unaamka na kutengeneza mayai. Siku ikiwa fupi unasema si wakati wake, hata kama tumbo limejaa. Sasa sisi tuko karibu na ikweta, digrii 2 na nusu tu kusini, jua linatoka karibu saa kumi na mbili asubuhi na linaingia karibu saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima, tofauti ni dakika chache. Kwa hiyo kware wa Bukavu anapata saa 12 milele, na kama yuko mu chumba chenye dirisha dogo anapata hata 10. Wengine watataga hivyo hivyo, lakini kwa kuchelewa na kwa kuruka siku. Ulaya wanangojea kiangazi, sisi hapa hakuna cha kungojea, lazima uongeze mwenyewe.

Anza kware wakiwa na wiki 5, na panda polepole:

Wiki ya 5, ampule inazimika saa moja usiku. Wiki ya 6, saa mbili. Wiki ya 7, saa tatu. Wiki ya 8, saa nne, na hapo unasimama. Kutoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne usiku ni saa 16. Usizidishe, mwangaza wa usiku kucha unawafanya wachoke na waanze kunyofoana manyoya.

Washa ampule mbele giza haijaingia, saa kumi na moja na nusu hivi, ili kusikuwe pengo katikati. Wengine wanaongeza saa za alfajiri na minuteri, inafanya kazi vilevile, lakini mimi napendelea jioni ju watu wa nyumba wako macho na ampule ikikufa mtu ataona.

Nguvu ya mwangaza: ndogo tu. Ampule ikae mbele ya kaje, sentimita 50 hivi, si juu ya dari. Kama kaje ni za ghorofa, kila ghorofa ampule yake, ju ile ya chini inabaki giza na utashangaa mbona wa juu wanataga na wa chini hapana. Jaribio ni hili: weka karatasi yenye maandishi kwenye kona ya nyuma kabisa, chini. Ukiweza kuisoma, inatosha. Fanya jaribio hilo mchana pia! Kama mchana hausomi, chumba ni giza na zile saa 12 za jua hazihesabiwi, washa hata mchana.

Ju ya nini sola: kibaya kuliko siku fupi ni siku inayobadilika. Leo saa 16, kesho delestaje saa 12, kesho kutwa saa 14. Kware akiona siku inapunguka, mwili unafunga duka na kuanza kubadilisha manyoya. Umeme wa mtaa hauwezi kukupa saa ile ile kila siku, basi usiutegemee kwa hiyo ampule moja.

Hesabu ni nyepesi. Ampule ya wati 3 kwa saa 4 na nusu inakula wati-saa 13 na nusu. Batri ya volti 12 ya ampea-saa 7 ina wati-saa 84, na usiishushe chini ya nusu ndipo iishi muda mrefu, kwa hiyo uko na 42 za kutumia: siku tatu bila jua kabisa. Plake ya wati 10 ikipata saa 3 za jua nzuri inarudisha 30, inatosha. Mwezi wa mvua, mawingu ya asubuhi mpaka jioni, chukua ya wati 20 ulale vizuri. Na batri hii usichajishe simu! Njo kitu kinaua mipango yote, mtoto wa nyumba anachajisha simu tatu, saa mbili usiku ampule inazimika, na hakuna anayekuambia.

Kuna mama mmoja wa Panzi alikuwa na majike 20, yanampa mayai 15 au 16 kila siku, ampule ya umeme wa mtaa. Transfo ya avenue ikaharibika, ikawa ampule inawaka usiku mmoja na kukosa miwili. Baada ya siku kumi hivi mayai yakawa 6, na chini ya kaje manyoya mengi. Yeye akasema ni provande, akabadilisha mfuko siku ile ile, ndipo ikashuka mpaka 3. Nikamwambia, mama, angalia manyoya: kware mwenye kukosa chakula anakonda, kware anayemwaga manyoya mwili ukiwa mzima anakuambia habari ya mwangaza. Alirudisha provande ya zamani, akafunga batri ndogo, saa nne usiku kila siku bila kukosa. Wiki ya kwanza hakuna kitu, ya pili mayai 5, mwisho wa ya tatu yakawa 13. Njo muda inachukua, usiwe na haraka ya kuwachinja.

## Hatua ya 5: Provande

Provande ya kuku wa mayai unayonunua sokoni huwa na protini ya asilimia 16 mpaka 17. Kuku inamtosha, kware hapana, yeye anataka karibu 20. Yai lake ni gramu 10 mpaka 12 na mwili wake ni gramu 150 hivi, yaani kila siku anatoa kitu kikubwa sana ukilinganisha na yeye mwenyewe.

Ongeza hivi, kwa kilo 10:

- Provande ya kuku wa mayai, kilo 8 na nusu
- Soja ya kukaangwa na kusagwa, kilo 1
- Sambaza kavu ya kusagwa, nusu kilo

Inafika asilimia 20 na kidogo. Kalsiamu iko tayari ndani ya provande ya mayai, kwa hiyo usitumie ile ya kuku wa nyama, maganda yatakuwa laini.

Soja lazima ikaangwe mpaka inanukia na ganda linapasuka. Soja mbichi ina kitu kinachozuia tumbo lisivunje protini, utalisha na hakuna matokeo. Sambaza iwe bila chumvi, na kavu kweli: vunja mmoja, akijipinda badala ya kukatika, mrudishe juani. Usizidishe sambaza kwa kutafuta mayai mengi, mayai yatanuka samaki na wateja wataacha kununua. Na provande yenye ukungu, hata kidogo tu pembeni ya mfuko, tupa.

Vipande vikubwa vya mahindi chekecha na usage tena. Kware anachagua, anaacha vikubwa na unga wote anaurusha inje kwa mdomo. Jaza tiyo theluthi moja tu, na lalisha kipande cha treyi juu ya provande ili asiweze kuchota pembeni.

Kila kware anakula gramu 20 mpaka 25 kwa siku. Kwa 20, pima gramu 440, nusu asubuhi, nusu saa kumi jioni. Kilo 10 zitaenda wiki tatu. Kama zinaisha kwa wiki mbili, kware hawajaanza kula zaidi: ni panya, ama inamwagika, angalia kwenye tole.

Maji safi kila siku, kinywesheo kioshwe. Kware aliyekosa maji mchana mmoja anaweza kukosa kutaga siku kadhaa.

## Hatua ya 6: Kuokota na kusoma mayai

Kware hatagi asubuhi kama kuku. Mengi yanatoka alasiri na jioni, kwa hiyo okota saa moja usiku hivi, na tena asubuhi. Mtu akikuambia "nimeangalia asubuhi yote hakuna kitu", mwambie arudi jioni.

Andika mu daftari kila siku vitu vitatu: mayai mangapi, ampule ilizimika saa ngapi, provande gramu ngapi. Bila hayo hutajua kitu gani kilianza kuharibika.

Mayai ya kwanza yanakuja kati ya wiki 6 na 8, madogo, mengine na ganda laini, mengine bila madoa. Hiyo ni kawaida kwa siku chache. Ukifika wiki ya 10, majike 20 wanakupa mayai 14 mpaka 17 kwa siku, na hapo umefaulu. Usitafute 20 kwa 20 kila siku, hakuna.

Baadaye, ganda laini likirudi kwa wengi ni kalsiamu: weka kando bakuli ndogo ya maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa. Yakiwa meupe bila madoa mara moja, uliza kama mbwa ama paka alizunguka kaje usiku. Yakipunguka polepole kwa wiki mbili, angalia saa ya ampule kwanza, halafu mfuko wa provande. Kware akijikunja, akawa na kuhara na hataki kula, mtoe mara moja umweke mbali, na umwite veterinere kabla hujanunua dawa ya kubahatisha.

Mavi toa kila siku mbili. Usiyaweke mabichi kwenye lengalenga, yanaunguza, yafukie na majani mwezi mmoja ama miwili.

## Bei: hesabu mbele ya kuuza

Gramu 440 kwa mayai 15, maana yake kilo moja ya mchanganyiko inakupa mayai kama 34. Chukua bei ya kilo yako ya leo, gawa kwa 34, hapo umepata chakula peke yake ndani ya yai moja. Kama sokoni Kadutu wanakupa chini ya mara mbili ya hiyo, tafuta wateja wako mwenyewe, ju bado kuna batri, kaje na kware watakaokufa. Na uza kama chakula. Hizi habari za kwamba yai la kware linaponyesha sukari na presha, waachie wenye kuzisema, mteja aliyekuja kutafuta dawa hatarudi wiki ijayo.

Jike anataga vizuri mpaka miezi 8 au 10 tangu aanze, kisha anashuka. Agiza wengine 10 wa kujaza chumba kimoja mwezi wa 7 tangu waanze kutaga, wachinje wazee wa chumba kile, na chumba cha pili ufanye hivyo hivyo miezi miwili baadaye. Wale wapya usiwachanganye na wazee, na usiwawekee saa 16 siku wanapofika: wao wanaanza na saa moja usiku kama wengine walivyoanza, kwa hiyo mu ile miezi miwili tundika bashi ama gunia nene katikati ya vyumba.